Kutia sauti ya Kiitaliano kwenye video ya Kiswahili, na kupima kama inashinda manukuu

Maswali huwa yale yale. Mtu ana chaneli ya mapishi Malindi, video zake ni za Kiswahili, manukuu ya Kiitaliano ameshaweka, na sasa anauliza: nikitia na sauti ya Kiitaliano, saa za kutazamwa zitaongezeka, au wale wale waliokuwa wakisoma watahamia kusikiliza na mimi nibaki pale pale? Mwezi mmoja baadaye anarudi na la pili: mbona nimetia sauti na wastani wa dakika umeshuka?

Mwongozo huu unajibu yote mawili kwa mfano mmoja: chaneli ya mapishi ya pwani kwenye YouTube, lugha ya asili Kiswahili, lugha ya pili Kiitaliano. Kiitaliano kwa sababu Malindi imekizoea tangu enzi za kituo cha San Marco kule Ngomeni, kilichorusha setilaiti mwaka 1967, na hadi leo mtu wa kukusomea Kiitaliano humkosi mjini. Ukitaka Kiingereza au Kiarabu, hatua ni hizi hizi.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Video 6 za aina moja, zenye urefu unaokaribiana (kwenye mfano wetu ni kama dakika 10 kila moja), na ziwe zimeshakaa hewani miezi miwili au zaidi. Video mpya hupanda na kushuka kwa sababu zake yenyewe, nawe utadhani ni sauti.
- Mradi wa uhariri wa kila video, ambamo sauti ya msemaji iko peke yake, na sauti za jikoni na muziki ziko peke yake. Kama huna, kuna njia ya pembeni kwenye hatua ya 5.
- Mtafsiri anayejua Kiitaliano na anayejua jiko la pwani. La pili ndilo hukosekana.
- Msomaji mmoja, yule yule kwa video zote.
- Maikrofoni moja nzuri, hedifoni zinazofunika masikio, na programu ya kurekodi kama Audacity.
- `ffmpeg` na `ffprobe`, programu za kupima na kubadilisha faili za sauti na video, kwenye kompyuta.
- Jedwali la hesabu na subira ya siku 63: 28 za mwanzo, 7 za kuruka, 28 za mwisho.

Pia ingia YouTube Studio uhakikishe kwamba kwenye menyu ya `Languages` (zamani iliitwa `Subtitles`) unaweza kuongeza sauti na si manukuu peke yake. Na kama kuna mpangilio wa `Automatic dubbing` umewashwa kwenye chaneli yako, uzime mpaka jaribio liishe. Ukiuacha, video uliyokusudia ibaki na manukuu tu inaweza kupata sauti ambayo hukuitia wewe, na hapo huna tena cha kulinganisha.

Hatua ya 1. Gawa video kwa shilingi, usigawe kwa mapenzi

Toa saa za kutazamwa za siku 28 zilizopita kwa kila video. Zipange kutoka kubwa hadi ndogo, kisha zifunge mbili mbili: ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, ya tano na ya sita. Kwa kila jozi rusha shilingi. Itakayoangukiwa na kichwa inaingia kundi A, ambalo baadaye litapata sauti. Mwenzake anaingia kundi B, atakayebaki na manukuu tu.

Kosa la kawaida hapa ni kuchukua video tatu bora na kuzitia sauti, kwa kuwa "hizo ndizo zinafaa". Video bora zina mwendo wake. Zitashinda hata ukizitia ukimya, halafu wewe utamsifu msomaji.

Hatua ya 2. Andika maneno ya kusemwa kwanza, manukuu yafuate

Wengi hutafsiri manukuu kwanza, halafu wanampa msomaji manukuu hayo ayasome. Ndipo msomaji anapoanza kukimbia, kwa sababu Kiswahili hubana mengi ndani ya kitenzi kimoja na Kiitaliano huyatandaza. Anza na maneno ya kusemwa, yakishakaa ndani ya muda ndiyo hayo hayo utakayogeuza manukuu. Fanya hivi kwa video zote sita, hata zile za kundi B, ili manukuu ya makundi yote mawili yawe na ubora mmoja.

Kipimo rahisi ni silabi. Chukua sentensi hii ya mapishi ya samaki wa kupaka:

Nazi ikunwe, ikamuliwe tui zito kwanza.

Hesabu: silabi 16. Tafsiri ya neno kwa neno inatoka hivi:

Grattugiate il cocco e spremete prima il latte più denso.

Silabi 19. Ni tatu tu za ziada, lakini sentensi zinafuatana, na kila moja ikichelewa kidogo, ukifika kwenye bizari sauti inataja kitu ambacho mkono ulishakitia chunguni. Ikate:

Grattugiate il cocco e spremete il primo latte.

Silabi 16, na maana imebaki, kwa sababu tui la kwanza ndilo zito. Hivyo ndivyo unavyokata: tafuta neno ambalo picha inalisema yenyewe, uliondoe. Usikate kipimo cha chumvi, muda wa kuchemsha wala jina la kiungo.

Manukuu yake, ndani ya faili ya `.srt`, yatakuwa hivi:

```
14
00:01:22,400 --> 00:01:25,600
Grattugiate il cocco
e spremete il primo latte
```

Herufi 45, pamoja na nafasi, kwa sekunde 3.2, yaani kama 14 kwa sekunde. Usivuke 17 kwa sekunde wala mistari miwili. Ukivuka, mtazamaji anasoma na samaki hamwoni.

Mambo mawili ya kumwambia mtafsiri mapema. La kwanza, achague kama anamwita mtazamaji *tu* au *voi*, na abaki hapo kwenye video zote sita. Mfano wetu umetumia *voi*. La pili, ampe mtu wa jikoni akague maneno ya vyombo. Ukisema "kaa kwenye mbuzi ukune nazi", mtafsiri wa mbali anaandika *capra*, na Mtaliano anashangaa mpishi anamkalia mnyama gani. Kifumbu nacho si kikapu tu. Kwenye manukuu kosa kama hilo hupita haraka. Kwenye sauti watu hulirudia kucheka, halafu hulileta kwenye maoni.

Hatua ya 3. Weka msingi ulio sawa kwa video zote sita

Kwenye `Languages`, fungua kila video na ubonyeze `Add language`, chagua `Italian`. Tafsiri kichwa na maelezo, kisha pakia manukuu: chagua kupakia faili, halafu `With timing`. Sauti usiiguse bado. Zifanye zote sita siku moja.

Hii ndiyo hatua inayoharibu majaribio mengi, kwa hiyo tusimame hapa kidogo. Kichwa kilichotafsiriwa kinaweza kumleta mtazamaji mpya peke yake, kwa kuwa Mtaliano anayetafuta *pesce al cocco* sasa anakiona kwa lugha yake. Ukitafsiri vichwa siku ile ile unayotia sauti, na ukavitafsiri kwa kundi A pekee, saa zikiongezeka hutajua zimeletwa na kichwa au na sauti. Vichwa vitangulie, vikae kwa makundi yote mawili, ndipo sauti ije peke yake.

Sasa anza kuhesabu siku 28. Usibadilishe picha ya mbele, kichwa wala maelezo ya video yoyote kati ya hizo sita mpaka siku ya 63. Muda huu wa kungoja ndio wa kurekodi.

Hatua ya 4. Rekodi

Rekodi kwa `48000 Hz`, biti 24, mono, faili ya WAV. Chumba bora ni kile chenye nguo nyingi: ndani ya chumba cha kulala, mlango wa kabati wazi, godoro limeegemezwa ukutani nyuma ya msomaji. Zima feni na friji. Panga vipindi katikati ya adhana, na ujue jogoo wa jirani hana ratiba. Mdomo uwe kama shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, pembeni kidogo ili herufi *p* isipige.

Msomaji aangalie video huku akisoma, Kiswahili kikisikika kidogo kwenye sikio moja. Asome sentensi kwa sentensi, kila moja ianze pale ya Kiswahili inapoanza. Ikimzidi, msisukumane na kasi. Rudini kwenye karatasi mkate neno. Mwisho, arekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba. Ukimya huo utauweka katikati ya sentensi, maana pengo lisilo na sauti kabisa husikika kama mkato.

Kama msomaji wako ni mwongozaji watalii wa Malindi mwenye Kiitaliano kizuri chenye lafudhi ya pwani, hilo si kosa, na pengine ndilo linalofanya video iwe ya Malindi. Ila asomee video zote tatu yeye. Ukiweka lafudhi ya Malindi kwenye moja na ya Milano kwenye nyingine, umeongeza jaribio la pili ndani ya lile la kwanza.

Hatua ya 5. Changanya na sauti za jikoni

Fungua mradi wa uhariri, zima sauti ya msemaji wa Kiswahili, toa iliyobaki: mafuta yanavyochirika, kinu, muziki. Weka Kiitaliano juu yake. Kaangizo likinyamaza ghafla kwa sababu umepakia sauti ya msomaji mtupu, mtazamaji huhisi video imeharibika hata kama hajui ni nini kimekosekana.

Huna mradi, una video iliyokamilika tu? Tumia njia ya filamu za maelezo. Acha Kiswahili kisikike peke yake kwa sekunde moja, kishushe kwa desibeli 15 hadi 18, Kiitaliano kiingie juu. Mahali pasipo na maneno, pandisha tena sauti ya asili ili jiko lisikike. Kwa mapishi inafaa sana, kwa sababu picha ni ya mikono na hakuna midomo ya kufuatisha. Chagua njia moja kwa video zote tatu.

Hatua ya 6. Linganisha urefu na ukubwa wa sauti

Sauti unayopakia inatakiwa iwe na urefu sawa na video. Pima video ile iliyo hewani, uliyoipakua kutoka Studio, wala si nakala ya zamani iliyobaki kwenye kompyuta:

```
ffprobe -v error -show_entries format=duration -of csv=p=0 video.mp4
```

Tuseme imetoa `612.480000`, yaani dakika 10 na sekunde 12 na ushei. Ongeza ukimya mwishoni na ukate hapo hapo:

```
ffmpeg -i it.wav -af apad -t 612.480 it_kamili.wav
```

Angalizo: amri hii ikikuta faili ndefu kuliko video, inakata mkia bila kukuuliza. Sikiliza sekunde 10 za mwisho uhakikishe *arrivederci* imebaki.

Sasa pima ukubwa wa sauti ya asili na ya Kiitaliano, moja baada ya nyingine:

```
ffmpeg -i video.mp4 -vn -af ebur128 -f null -
ffmpeg -i it_kamili.wav -af ebur128 -f null -
```

Mwishoni kila moja inaandika `I:` na namba ya `LUFS`, kipimo cha ukubwa wa sauti. Namba hizo mbili zisitofautiane kwa zaidi ya 1. Kama asili ni -16 na Kiitaliano ni -21, ongeza desibeli 5 kwenye Kiitaliano, na uhakikishe vilele havifiki 0. YouTube hushusha sauti iliyozidi -14 lakini haiinui iliyo chini, kwa hiyo sauti dhaifu itabaki dhaifu. Mtazamaji anayelazimika kuinua simu sikioni haondoki kwa sababu ya lugha, anaondoka kwa sababu ya desibeli, na kwenye ripoti hutaona tofauti ya hao wawili.

Mtandao ukiwa mzito, geuza kuwa MP3 ya `256k` badala ya WAV. Kwa sauti ya kusema tofauti ni ndogo mno.

Hatua ya 7. Pakia

Siku ya 29, rudi `Languages`, fungua video ya kundi A, mstari wa `Italian`, kwenye safu ya sauti bonyeza `Add`, chagua faili, kisha chapisha. Fanya zote tatu siku hiyo. Kundi B usiliguse.

Fungua video kwa simu, bonyeza alama ya gurudumu la meno, uingie `Audio track`, uchague Kiitaliano. Sikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Mwanzo na mwisho vikiwa sawa na katikati ikawa mbovu, ni sentensi moja imehama kwenye uhariri. Mwanzo ukiwa sawa na mwisho umechelewa, tazama sehemu ya matatizo huko chini.

Hatua ya 8. Ruka siku 7, kisha hesabu 28

Siku za kwanza wafuasi wako huja kuchungulia sauti mpya, pamoja na wewe, msomaji na jamaa zake. Zitupe. Hesabu kuanzia siku ya 36 hadi ya 63. Data za siku ya mwisho huchelewa, kwa hiyo toa ripoti siku mbili tatu baadaye.

Hatua ya 9. Toa ripoti mbili kwa kila video

Ingia `Analytics`, `Advanced mode`, chagua video, weka tarehe zako. Chagua mgawanyo wa `Audio track`, uandike saa za kutazamwa na mara za kutazamwa za kila lugha. Kisha badilisha mgawanyo uwe `Subtitles and CC`, uandike tena mstari wa Kiitaliano. Fanya hivyo kwa siku 28 za mwanzo na 28 za mwisho, jumlisha kwa kundi.

Onyo kubwa la mwongozo huu liko hapa: hizo ni ripoti mbili za utazamaji ule ule, zimekatwa kwa njia mbili. Mtaliano anayesikiliza Kiitaliano huku manukuu ya Kiitaliano yamewashwa anaonekana kwenye zote mbili. Ukijumlisha, umemhesabu mara mbili.

Wengine hukimbilia ripoti ya nchi ili kukwepa hilo, wakaangalia saa za Italia pekee. Itumie kama shahidi wa pili, si wa kwanza. Mtaliano aliyehamia Malindi akitazama akiwa Casuarina, YouTube inamwandika Kenya.

Hatua ya 10. Piga hesabu

Namba zifuatazo ni za mfano, ili uone njia. Zako zitakuwa nyingine.

Siku 28 za mwanzo, manukuu ya Kiitaliano tu kwa wote: kundi A saa 18, kundi B saa 16.

Siku 28 za mwisho: kundi B, ambalo halikuguswa, manukuu ya Kiitaliano saa 20. Kundi A, manukuu saa 9, sauti ya Kiitaliano saa 27.

Anza na B. Limepanda kutoka 16 hadi 20 bila wewe kufanya kitu. Labda ni Ramadhani na watu wanatafuta mapishi, labda msimu wa wageni umeanza. Sababu yoyote ile, upepo huo umelivuma na kundi A pia. Kwa hiyo uliza: A lingekuwa wapi bila sauti?

```
18 × (20 ÷ 16) = 22.5
```

Sasa A limepata ngapi? Hapo ndipo kuhesabu mara mbili kunapokuja. Kama saa zote 9 za manukuu ni za watu waliokuwa pia wanasikiliza Kiitaliano, jumla ya kweli ni 27. Kama hakuna hata mmoja aliyetumia vyote viwili, jumla ni 36. Ukweli uko katikati:

```
chini:  27 − 22.5 = 4.5
juu:    36 − 22.5 = 13.5
```

Amua kwa namba ya chini. Hapa unasema sauti imeongeza angalau saa 4.5 kwa video tatu ndani ya siku 28, yaani saa 1.5 kwa video. Aliyesema "nimepata saa 27 za Kiitaliano" hakudanganya, ila nyingi kati ya hizo alikuwa nazo tayari kwa manukuu. Hizo zimehama tu.

Namba ya chini ikitoka hasi na ya juu chanya, huna jibu. Usilazimishe. Ongeza siku 28 nyingine bila kugusa kitu. Na video moja ikibeba kundi zima, toa hesabu tena bila jozi yake uone kama jibu linasimama.

Sasa lile swali la wastani. Tuseme saa 18 za mwanzo za manukuu zilitokana na kutazamwa mara 200: hiyo ni dakika 5 na sekunde 24 kwa kila mara. Saa 27 za sauti zilitokana na mara 420: dakika 3 na sekunde 51. Mtu akiona hivyo anasema sauti ni mbovu. Lakini aliyewasha manukuu ya Kiitaliano aliamua kukaa na lugha asiyoijua, ana shauku tangu mwanzo. Sauti yenyewe YouTube humchagulia mtazamaji kufuatana na lugha anayoitumia, kwa hiyo inapokea na wapita njia ambao zamani wangesikia Kiswahili wakaondoka kabla hawajafikiria manukuu. Umefungua mlango mpana zaidi, lazima wastani ushuke. Wastani utumie kulinganisha video za kundi A zenyewe kwa zenyewe: moja ikiwa na dakika 2 na wenzake 4, kasoro iko kwenye sauti ya hiyo moja.

Mambo yakienda kombo

*Sauti inazidi kuachana na picha kadiri video inavyoendelea.* Mara nyingi ulirekodi ukifuata nakala ya simu, ambayo idadi ya fremu kwa sekunde hubadilikabadilika, na uhariri ukaisawazisha baadaye. Pakua video iliyo hewani, panga sentensi upya juu ya hiyo.

*Imechelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho.* Ukimya wa mwanzo ulikatwa wakati wa kusafisha. Urudishe, usihamishe sentensi moja moja.

*Sauti ya msomaji imekuwa nyembamba na ya haraka.* Faili ya `44100` imesomwa kama ya `48000`. Kasi imepanda kwa karibu asilimia 9. Toa tena kutoka kwenye mradi kwa `48000`.

*Faili imekataliwa.* Pima urefu kwanza kwa `ffprobe`. Ukiwa sawa, ibadilishe iwe MP3 ujaribu tena.

*Ripoti ya `Audio track` haionyeshi Kiitaliano.* Hazijapita siku mbili, au tarehe ulizochagua ni za kabla ya kupakia. Ukiwa na uhakika na tarehe, fungua video kwa simu uone kama Kiitaliano kimo kwenye orodha. Huenda uliihifadhi na hukuichapisha.

*Waitaliano wa Malindi wanasema bado wanasikia Kiswahili.* Simu zao ziko kwa lugha nyingine. Bandika maoni juu kabisa, kwa Kiitaliano, yanayoeleza wapi pa kubonyeza. Bandika kama hayo kwenye kundi B pia, yakieleza jinsi ya kuwasha manukuu, na uyabandike siku ile ile.

*Umegundua kosa la tafsiri katikati ya jaribio.* Kama ni *capra*, vumilia hadi siku ya 63. Kama ni kipimo au jambo la kumdhuru mtu, mathalani umesema kijiko kikubwa badala ya kidogo cha pilipili, futa sauti, pakia iliyo sahihi, rekebisha na manukuu, kisha anza upya kuhesabu: siku 7 za kuruka na 28 za kupima.